Masika Yameanza: Mkaushe Ng'ombe Kabla Hujachelewa

Mvua zimeanza kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Kuanzia Machame hadi Marangu na Rombo, mabanda yaliyo nyuma ya migomba yameanza kulowa. Samadi haikauki. Tope linapanda hadi kwenye magoti ya ng'ombe.

Na ng'ombe wengi waliohimilishwa Septemba wanatakiwa kukaushwa mwezi huu wa Aprili.

Wengi hawatakaushwa. Wengine watakaushwa vibaya. Juni watazaa, na wiki ya kwanza baada ya kuzaa kiwele kitavimba, maziwa yatatoka na mabonge, na mfugaji atasema ugonjwa umekuja na ndama.

Haukuja na ndama. Uliingia Aprili.

Hilo ndilo linalotakiwa kueleweka kabla ya jambo lingine lolote. Sehemu kubwa ya ugonjwa wa kiwele unaoonekana mara baada ya kuzaa huwa umeingia wakati ng'ombe hakamuliwi. Wakati huo hakuna anayeshika kiwele, hakuna anayechungulia maziwa, hakuna anayeosha chuchu. Ng'ombe haingizi fedha, kwa hiyo macho yanahama. Vijidudu havihami.

Kuna majira mawili ya hatari. Ya kwanza ni wiki mbili baada ya kuacha kukamua. Ya pili ni wiki mbili kabla ya kuzaa. Kati ya hapo kiwele kimesinyaa, na chuchu iliyojifunga ina kinga yake yenyewe. Lakini katika majira hayo mawili kiwele kimejaa, tundu la chuchu liko wazi au linafunguka, na chini yake kuna samadi mbichi.

Tuanze na tarehe, kwa sababu hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Mimba ya ng'ombe wa maziwa huchukua takriban siku 280. Siku 60 za mwisho ng'ombe asikamuliwe. Chukua ng'ombe aliyehimilishwa tarehe 14 Septemba. Ukihesabu siku 280 unafika tarehe 21 Juni. Rudi nyuma siku 60, unafika tarehe 22 Aprili. Hiyo ndiyo siku ya kukamua kwa mara ya mwisho. Iandike kwa chaki mlangoni mwa banda, mahali ambapo kila anayekamua ataiona, pamoja na tarehe ya kuzaa.

Kama hukuandika tarehe ya kuhimilishwa, usikisie. Mwite mtaalamu wa mifugo ampime mimba kwa mkono. Atakuambia kama mimba ipo na imefikia miezi mingapi. Miezi saba ikitimia, kausha. Kipimo hiki kina faida nyingine: ng'ombe asiye na mimba akikaushwa, mfugaji amepoteza maziwa bure na atakaa naye mwaka mzima akimlisha tu.

Siku 60 ndizo salama. Siku 45 zinaweza kumtosha ng'ombe mzima aliyezaa mara kadhaa na mwenye afya nzuri. Chini ya siku 40, hasara inaanza. Mtamba aliyezaa mara moja tu asipunguziwe hata kidogo. Mwili wake bado unakua, una mimba tumboni na una kiwele kinachotengenezwa upya, vyote kwa chakula kilekile. Na usivuke siku 70 bila sababu. Ng'ombe anayekaa miezi mitatu au minne bila kukamuliwa huku akila vizuri hunenepa kupita kiasi, na ng'ombe mnene huzaa kwa shida, hukataa chakula baada ya kuzaa na huugua.

Najua jibu linalotolewa mabandani. "Bado ananipa lita tano. Nitaachaje lita tano?"

Basi tuzihesabu hizo lita tano.

Lita tano kwa siku 60 ni lita 300. Na hizo ni nyingi kuliko utakazopata kweli, kwa sababu maziwa yanaendelea kupungua kadiri mimba inavyokua. Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani aitwaye Swanson alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa jozi za ng'ombe pacha wanaofanana kabisa. Katika kila jozi, mmoja alipumzishwa siku 60 kabla ya kuzaa, mwenzake akakamuliwa moja kwa moja bila kupumzika. Baada ya uzao uliofuata, aliyenyimwa mapumziko alitoa asilimia 75 ya maziwa ya pacha wake. Uzao uliofuata tena, alitoa asilimia 62.

Damu moja. Tofauti ni mapumziko.

Weka hesabu hiyo kwa ng'ombe wako. Kama angetoa lita 3,000 kwa msimu mzima baada ya kupumzika vizuri, asilimia 75 ni lita 2,250. Umepoteza lita 750 ili upate lita 300. Na ukirudia mwaka unaofuata, shimo linaongezeka.

Sababu iko ndani ya kiwele. Seli zinazotengeneza maziwa huchakaa. Ng'ombe akiachwa kukamuliwa, seli zilizochoka huondolewa na mpya huchukua nafasi yake. Kazi hiyo inahitaji wiki kadhaa, na haifanyiki sawasawa kiwele kikiendelea kuvutwa asubuhi na jioni. Ng'ombe anaingia uzao mpya na kiwele cha zamani.

Na ndama naye anaumia. Dang'a hutengenezwa katika wiki za mwisho za mimba. Ng'ombe anayekamuliwa mpaka siku ya kuzaa hutoa dang'a hafifu, iliyopungukiwa kinga. Ndama huzaliwa bila kinga yake mwenyewe. Inayomlinda siku za mwanzo ni ile anayoinywa. Dang'a ikiwa hafifu, kuhara na homa ya mapafu havimkosi.

Kwa hiyo tarehe 22 Aprili ni tarehe 22 Aprili.

Maandalizi yanaanza wiki mbili kabla, yaani tarehe 8. Siku hiyo pima kila robo ya kiwele peke yake. Wengine wanacho kipimo cha CMT, sahani yenye vishimo vinne na dawa yake. Asiye na dawa hiyo anaweza kuyeyusha gramu 15 za sabuni ya unga ya kufulia katika nusu lita ya maji, akakamua maziwa kidogo ya kila chuchu kwenye kishimo chake, akaongeza maji ya sabuni kwa kiasi kilekile, kisha akazungusha sahani polepole. Maziwa mazima yanabaki majimaji. Maziwa ya robo yenye ugonjwa yanakuwa mazito, yanavutika, mengine yanaganda kama uji.

Tahadhari hapa. Ng'ombe aliyefika mwisho wa kukamuliwa, anayetoa maziwa kidogo sana, anaweza kuonyesha uzito kidogo katika robo zote nne bila kuwa mgonjwa. Linganisha. Robo tatu zikiwa majimaji na moja ikiwa nzito, hiyo moja ina tatizo. Iandike: mbele kulia, nyuma kushoto, yoyote ile. Na ukiona mabonge, damu au usaha kwa macho, huo ni ugonjwa wa wazi. Usikaushe juu yake. Daktari amtibu kwanza.

Wiki moja kabla, tarehe 15, ondoa pumba na mashudu. Punguza majani mabichi mazuri, matete na guatemala, umpe zaidi mabua na nyasi kavu. Lengo ni kuyashusha maziwa. Lakini maji usimnyime. Wapo wanaomfungia ng'ombe maji ili "akauke upesi". Ni ukatili, na kunamwumiza yeye na mimba yake. Chakula kikavu kinatosha kupunguza maziwa.

Kisha fika siku ya mwisho na uache.

Uache kabisa.

Hapa ndipo desturi mbaya ilipo. Ng'ombe anakamuliwa mara moja kwa siku, kisha siku moja anaachwa, kisha anakamuliwa kidogo "asipasuke", kisha siku mbili anaachwa, na hivyo hivyo kwa wiki tatu. Kila unapokamua unakiambia kiwele kiendelee kutengeneza maziwa. Kila unapokamua unalifungua upya tundu la chuchu. Kiwele kinakaa nusu kimejaa, chuchu nusu imefunguka, katikati ya masika. Hakuna njia bora ya kualika ugonjwa.

Ng'ombe anayetoa lita nne, sita au nane, aliyekwishapunguziwa chakula, anaachwa siku moja na hapasuki. Anayetoa zaidi ya lita 15 ndiye wa kushughulikiwa tofauti: mkamue mara moja kwa siku katika ile wiki ya kupunguza chakula, mpaka maziwa yashuke chini ya hapo, ndipo uache. Akiachwa ghafla na maziwa mengi, shinikizo linaweza kuvujisha chuchu, na chuchu inayovuja huchelewa kujifunga.

Kujifunga kwenyewe ni hivi. Ndani ya tundu la chuchu mwili hujenga kizibo cha ute mgumu unaofanana na nta. Kizibo hicho kikikamilika, vijidudu vinakuta mlango umefungwa. Lakini hakikamiliki siku moja. Chuchu nyingine hufunga ndani ya siku chache, nyingine huchukua wiki kadhaa, na kuna chache zinazobaki wazi muda wote. Huwezi kujua ni ipi kwa kuitazama. Ndiyo maana kila chuchu inalindwa.

Sasa ukamuaji wa mwisho. Ufanye asubuhi, kukiwa na mwanga, na usiwe na haraka. Kamua mpaka kiwele kiwe kitupu. Osha mikono kwa sabuni. Futa chuchu zikauke. Kisha chukua pamba iliyoloweshwa spiriti usugue ncha ya chuchu, pale penye tundu. Pamba ya kwanza itatoka na rangi ya kahawia hata kama chuchu ulishaiosha. Itupe. Chukua nyingine. Sugua tena. Itupe. Endelea mpaka pamba itoke nyeupe. Usiridhike na pamba yenye hata doa, maana uchafu ulio kwenye doa hilo ndio utakaosukumwa ndani pamoja na dawa.

Anza kusafisha chuchu mbili za mbali nawe, umalizie na za karibu. Wakati wa kuweka dawa geuza: anza na za karibu, malizia na za mbali. Hivyo mkono wako haupiti juu ya chuchu iliyokwisha safishwa na kuichafua.

Dawa ni ile ya kukaushia. Si dawa ya ng'ombe anayekamuliwa. Ile ya ng'ombe anayekamuliwa huisha ndani ya siku chache. Ya kukaushia imetengenezwa ikae wiki nyingi. Sirinji moja ni ya robo moja. Usigawe sirinji moja kwa chuchu mbili. Ncha ya sirinji iingie kidogo tu, kama milimita tatu. Ukiizamisha yote unatanua tundu na kubeba uchafu ndani. Sukuma dawa taratibu, minya ncha ya chuchu kwa vidole, kisha ipandishe dawa juu kwa kukanda kuelekea kwenye kiwele. Malizia kwa kuchovya chuchu zote nne katika dawa ya kuchovya yenye ayodini.

Halafu msimamishe. Nusu saa nzima asilale. Mwekee nyasi safi mbele yake naye atasimama akila. Akilala mara moja kwenye samadi, kazi yote ya pamba imepotea.

Kuna jambo linafanyika ambalo ni lazima likome. Mtu ananunua chupa ya dawa ya sindano, anavuta kwa bomba lililokwisha tumika, anaingiza kwenye chuchu. Dawa hiyo haikutengenezwa kwa kiwele. Bomba lile lina uchafu. Pamoja na dawa anaingiza vijidudu vya mazingira, hata chachu na ukungu, ambavyo antibiotiki haiviui. Ng'ombe aliyeingia mapumziko na kiwele kizima anatoka na robo mbili zimekufa. Wengine hufa wao wenyewe.

Usifanye hivyo. Ni afadhali kutoweka dawa yoyote kuliko kuweka chafu.

Je, kila robo ipewe antibiotiki? Swali hili mwulize daktari wa mifugo ukiwa na matokeo ya kipimo mkononi. Robo yenye ugonjwa inahitaji dawa. Robo nzima kabisa inaweza kulindwa kwa muhuri wa chuchu, dawa nzito isiyo na antibiotiki inayoziba tundu kwa ndani, pale unapopatikana. Nchi za Umoja wa Ulaya zimezuia tangu Januari 2022 kuwapa mifugo antibiotiki kwa mazoea tu, kwa sababu vijidudu vinazoea dawa na siku ya ugonjwa wa kweli dawa haifanyi kazi. Lakini kwa mfugaji ambaye hakupima, mwenye banda la tope, asiye na muhuri, madaktari wengi watashauri robo zote nne zitibiwe. Mimi nakubaliana nao kwa masika haya. Mwaka ujao pima.

Soma karatasi ya dawa kabla ya kuifungua. Inasema mambo mawili: dawa inahitaji siku ngapi kabla ya kuzaa, na maziwa yasitumiwe siku ngapi baada ya kuzaa. Ng'ombe aliyekaushwa siku 35 tu kabla ya kuzaa asipewe dawa inayodai siku 50. Na aliyezaa kabla ya tarehe, maziwa yake yasipelekwe kwenye kituo cha kukusanyia mpaka siku zilizoandikwa zitimie. Ndoo moja yenye antibiotiki ikimiminwa kwenye tangi, maziwa ya kijiji kizima yameharibika, na aliyeyanywa amekunywa dawa asiyoijua.

Baada ya siku hiyo, mikono mbali.

Siku ya pili na ya tatu kiwele kitajaa, kitakaza, kitang'aa. Ng'ombe anaweza kulia akisikia ndoo. Majirani watakuambia umtoe kidogo. Usimtoe. Shinikizo hilo ndilo linaloamuru maziwa yaache kutengenezwa, kisha mwili unayanyonya yaliyobaki. Kufikia siku ya saba kiwele kinaanza kulegea. Kufikia wiki ya pili kimesinyaa.

Usiminye chuchu "kuona kama kuna kitu". Ukiminya unakivunja kizibo. Ng'ombe aliyekuwa amefungika salama unamfungua kwa udadisi.

Kagua kwa macho na kwa kiganja, mara mbili kwa siku katika wiki mbili za kwanza. Simama nyuma yake utazame robo zote nne. Zikivimba kwa usawa, ni kujaa kwa kawaida. Moja ikiwa kubwa kuliko wenzake, yenye joto, nyekundu, inayomfanya arushe teke ukiigusa, huo ni ugonjwa. Ng'ombe akikataa chakula, akawa na homa, masikio yamelegea, usingoje kesho. Mwite daktari siku hiyohiyo. Robo hiyo itakamuliwa, itatibiwa, na ikipona utaanza kukausha upya. Hapo ndipo pekee unaporuhusiwa kukamua.

Sasa banda. Katika masika, banda ndilo linaloamua. Dawa bora iliyowekwa kwa pamba nyeupe haitaishinda samadi ya siku tatu. Zoa asubuhi na jioni. Ziba paa linalovuja juu ya mahali anapolala kabla ya kununua kitu kingine chochote. Chimba mfereji maji yatoke. Mtandikie maranda au majani makavu ya migomba, na uyabadilishe yakilowa. Matandiko yaliyolowa ni mabaya kuliko sakafu tupu. Jaribio ni rahisi: piga magoti pale anapolala kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Suruali ikilowa, kiwele nacho kinalowa usiku kucha.

Chovya chuchu kila siku katika wiki mbili za kwanza. Anza tena wiki mbili kabla ya kuzaa, yaani kuanzia tarehe 7 Juni kwa ng'ombe wetu, kiwele kinapoanza kujaa na kizibo kinapolegea. Mvua zitakuwa zimepungua, lakini tope la bandani halikauki kwa sababu mbingu zimetulia. Wakati huohuo mrudishie pumba na mashudu kidogo kidogo, ili tumbo lizoee kabla ya kazi ya kutoa maziwa. Chumvi yenye kalsiamu nyingi isubiri mpaka azae. Ukimjaza kalsiamu kabla, mwili unasahau kuitoa kwenye mifupa, na homa ya maziwa inamlaza siku ya kuzaa.

Mkamuaji naye aambiwe. Katika nyumba nyingi anayekamua si yule aliyeita daktari. Mtoto anarudi kutoka shule, anaona kiwele kimejaa, anachukua ndoo kwa nia njema. Mfunge ng'ombe kamba ya rangi mguuni au shingoni, na kila mtu wa nyumba ile ajue kamba hiyo maana yake hakamuliwi.

Na kama una ng'ombe wengine, robo iliyoonyesha ugonjwa tarehe 8 haikai peke yake. Vijidudu vya ugonjwa wa kiwele unaoambukiza huhama kwa mikono ya mkamuaji na kwa kitambaa kimoja kinachofuta viwele vyote. Mgonjwa akamuliwe mwisho. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Robo iliyotibiwa uzao huu, ikatibiwa wakati wa kukaushwa, na bado ikarudi na mabonge baada ya kuzaa, huenda haitapona tena. Ongea na daktari kuhusu kumwondoa ng'ombe huyo kundini kabla hajawaambukiza wengine.

Leo, fungua daftari la uhimilishaji. Mtafute kila ng'ombe aliyehimilishwa Septemba. Mwongezee siku 280, mtoe siku 60, andika tarehe mlangoni. Kama tarehe imepita, usiseme msimu ujao. Piga simu kwa daktari, mkaushe kwa siku zilizobaki, na umwambie zimebaki ngapi ili achague dawa inayofaa. Kisha panda juu ya paa la banda, uzibe lile tundu.